Kubaki kwa Muda, Kuondoka kwa Mpango: Somo kwa Anayefanya Kazi Asiyoipenda

Katika vijiwe vya malori vya Benaco, Nyakahura na Nyakanazi wapo vijana wengi wa Jimbo letu la Rulenge-Ngara wanaolinda maghala, wanaouza madukani na wanaopokea wageni kwenye nyumba za kulala. Wengi wanatusimulia jambo lile lile: kazi hawaipendi, lakini hawawezi kuiacha, kwa sababu nyumbani kuna watoto, wazazi na ada. Katika somo hili tunataka kutazama swali moja tu: mtu wa namna hiyo afanyeje ili asiharibike akiwa bado humo, na aondoke lini na kwa namna gani?

Tuanze na Maandiko

Biblia inatupa watu wawili waliotaka kuondoka mahali pa kazi. Wa kwanza ni Yakobo. Alimtumikia mjomba wake Labani miaka 20, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:41). Alikuwa na sababu za kuondoka. Lakini aliondoka kwa siri, bila kuaga, Labani akamfuata mwendo wa siku saba, na safari nzima ikageuka kuwa hofu na ugomvi wa mali.

Wa pili ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Maandiko hayasemi kwamba aliichukia kazi yake, ila moyo wake ulikuwa Yerusalemu. Tuangalie alivyofanya. Habari za mji ulioharibika alizipata mwezi wa Kislevu, na kwa mfalme alizungumza mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne baadaye. Katika muda huo alifunga na kusali, huku akiendelea kumimina divai kila siku. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, alikuwa na jibu tayari: muda atakaokaa, barua za kupita kwa maliwali, na barua kwa mtunza msitu apewe miti (Nehemia 2:1-8). Kusubiri kwake kulikuwa kazi ya kupanga.

Je, ni kazi au ni uchovu?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho tusibadilishe maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na utulivu. Kwa mfanyakazi maana yake ni hii: barua ya kuacha kazi isiandikwe asubuhi ile uliyotukanwa na msimamizi, wala baada ya usiku wa nne bila usingizi. Uchovu huongea kwa sauti inayofanana sana na sauti ya wito.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Kwa wiki nne, kila siku kabla ya kulala, andika sentensi mbili katika daftari: leo nini kilinichosha, na leo nini kilinipa amani. Wiki nne zikiisha, soma yote kwa pamoja, ikiwezekana na padri, katekista au mzee unayemwamini. Ukikuta malalamiko yanahusu saa, usingizi au mtu mmoja, huenda kinachohitajika ni kubadilisha zamu au kituo. Ukikuta hata siku uliyolala vizuri na kutendewa vyema roho haikutulia, basi mpango wa kuondoka una msingi.

Mfano: mlinzi wa usiku Benaco

Tumchukue mlinzi mmoja wa mfano, mwenye mke na watoto wawili Rulenge. Analinda ghala kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Anapokea shilingi 220,000 mkononi. Anataka kuwa fundi wa kuchomelea, kwa kuwa malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga hayakosi kitu cha kuungwa.

Jambo la kwanza ni kuhesabu saa zake. Sita mara 12 ni saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, kwa malipo ya mara moja na nusu. Kwa hiyo kwa wastani wiki yake isingepaswa kuzidi saa 57 na nusu. Tena kila saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hesabu hii haimtumi kwenda kugombana. Inampa jambo moja la kuomba kwa adabu: usiku mmoja zaidi wa mapumziko. Akiupata, maisha yake yanabadilika kabla hata ya kuondoka. Vilevile ana haki ya siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na wengi wa wenzake hawajawahi kuiomba.

Jambo la pili ni usingizi, kwa sababu ndiyo mali ya kwanza anayoibiwa mlinzi wa usiku. Alale mara tu anapofika, chumba kikiwa na giza, simu ikiwa mbali, hadi saa 7 mchana. Wenzake wengi hupitia kwanza kwenye pombe ili usingizi uje upesi. Unakuja kweli, lakini ni mwepesi, na mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Ufundi ajifunze mchana baada ya kulala, siku mbili tu kwa wiki. Akianza kusinzia mbele ya mashine ya kuchomelea, hiyo ni dalili kwamba mpango unakwenda haraka mno. Apunguze, asijiunguze.

Jambo la tatu ni fedha. Chumba analipa 30,000, chakula chake 60,000, nyumbani anatuma 80,000, ada ya mdogo wake 20,000, vocha na nauli 15,000, vinywaji na vitafunwa 15,000. Jumla 220,000, akiba sifuri. Hapa ndipo anapojiona amefungwa. Sasa achukue hatua tatu: apange chumba na mwenzake na kuokoa 15,000, apunguze vocha kwa 5,000 na vinywaji kwa 10,000. Amepata 30,000 kila mwezi. Aipeleke kwenye kikundi cha kuweka akiba siku ile ile ya mshahara, maana fedha iliyobaki mfukoni Benaco haifiki mwisho wa mwezi.

Lengo lake liwe gharama za lazima za miezi mitatu. Kwa sasa ni chumba 15,000, chakula 60,000, nyumbani 80,000 na ada 20,000, jumla 175,000 kwa mwezi, yaani 525,000 kwa miezi mitatu. Kwa 30,000 pekee angehitaji zaidi ya miezi 17, na wengi hukata tamaa hapo. Ndiyo maana mpango ni wa nyumba nzima. Mke wake analima maharage. Wakikubaliana kutenga 150,000 kutoka kila mavuno, baada ya mbegu na chakula, basi akianza Septemba, mavuno ya Januari na ya Juni yataleta 300,000, na akiba ya miezi kumi italeta 300,000 nyingine. Mwisho wa Juni wana 600,000. Lengo limetimia, na 75,000 inabaki ya kununulia miwani ya kujikinga na vifaa vidogo. Msimu ukiharibika, tarehe isogezwe mbele. Lengo lisipunguzwe.

Tena, asiondoke kwa kutegemea fununu. Tangu mradi wa nikeli wa Kabanga uanze kuzungumzwa, wapo walioacha vibarua vyao wakisubiri kuitwa. Kazi mpya ni ile yenye mkataba mkononi, au fundi aliyekwishakulipa kwa kazi uliyofanya, japo kidogo, angalau mara tatu.

Kuondoka kwa mlango wa mbele

Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wake wa kwanza kazini, anatakiwa kutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Akiondoka bila notisi, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo kwenye fedha anazomdai. Barua iwe fupi, yenye tarehe, na abaki na nakala iliyosainiwa. Mwishoni adai mambo matatu: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria ni cha anayeachishwa na mwajiri, hivyo anayeacha mwenyewe asikiingize kwenye hesabu zake. Na kabla ya kuandika barua, aende NSSF kuhakikisha kwamba makato yake yalifika kweli. Ni rahisi kufuatilia ukiwa bado ndani kuliko ukiwa nje.

Wakati wa kutosubiri

Mpango wa miezi kumi una mipaka. Ukiamriwa kushiriki wizi au magendo, ukipigwa, ukidhalilishwa kimwili, au ukilazimishwa kufanya kazi inayohatarisha uhai, subira hiyo haikuhusu. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Katika hali kama hiyo usiandike kwamba unaacha kwa "sababu binafsi". Andika sababu yenyewe. Sheria inatambua kwamba aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ofisi yake ya Kagera ipo Bukoba, ndani ya siku 30.

Mpaka mwingine ni afya ya akili. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, huna raha na chochote, hulali hata ukiwa na nafasi, au huli, nenda hospitali, iwe Rulenge, Murgwanza au Biharamulo. Likizo ya ugonjwa ni haki yako. Na yakikujia mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii na uende hospitali leo hii, usisubiri wiki mbili. Sala na dawa havigombani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Soma Mwanzo 31:17-30 na Nehemia 2:1-8. Ni nini alichokuwa nacho Nehemia siku ya kuomba ruhusa ambacho Yakobo hakuwa nacho?
2. Gharama zako za lazima kwa mwezi ni shilingi ngapi? Mwenzi wako angetaja kiasi hicho hicho?
3. Katika Jumuiya yetu nani anafanya kazi za usiku? Je, ratiba ya sala inamkumbuka, au tunakutana daima saa anayolala?