SOMO LA MAKATIBU: KUCHUNGUZA TUHUMA DHIDI YA MTUMISHI WA CHAMA

Upungufu wa mazao ghalani ukisikika, neno la kwanza vinywani mwa wanachama huwa ni wizi. Lakini upungufu ni jambo moja na wizi ni jambo jingine, na kazi ya kamati ya uchunguzi ni kuupima umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. Somo hili linatumia mfano wa kubuni wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho.

Tuseme stakabadhi za mapokezi za chama hicho zinajumlisha kilo 24,640, katika magunia 308. Ghala kuu limepokea kilo 24,252. Zimepungua kilo 388, nayo karani wa mizani anatuhumiwa kuiba. Halmashauri yateua wajumbe watatu kuchunguza. Mjumbe aliyeleta tuhuma hawekwi miongoni mwao, kwa kuwa mshtaki hawezi kuwa mwamuzi. Karani apewa tuhuma kwa maandishi, siku saba za kujibu, na nafasi ya kuziona karatasi zote zitakazotumiwa.

Kamati yaanza na vitu visivyosahau, yaani madaftari. Daftari la ghala la chama, hati ya kusafirishia mzigo iliyotiwa saini na dereva, na hati ya mapokezi ya ghala kuu, zote zaonyesha magunia 308. Mizani zote mbili zajaribiwa kwa mawe yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo, nazo zaonekana ni sahihi. Kisha stakabadhi zafunuliwa moja moja. Kila stakabadhi ina safu ya kuandikia uzito wa gunia tupu, na katika zote safu hiyo ni nyeupe. Kamati yapima magunia matupu 20 na kupata kilo 20. Ni wazi kwamba wakulima waliandikiwa korosho pamoja na magunia, ilhali ghala kuu liliondoa uzito wa magunia. Hizo ni kilo 308. Zimebaki kilo 80 zisizo na maelezo.

Ndipo mashahidi wanaitwa. Mmoja asema alimwona karani usiku akitoa magunia mawili kwa baiskeli. Wa pili asema vivyo hivyo, lakini akiulizwa alikuwa wapi, akiri kwamba alisimuliwa na yule wa kwanza. Basi huo ni ushahidi wa mtu mmoja, si wa wawili. Nao wa kwanza hauna budi kulinganishwa na mizani. Magunia mawili yaliyojaa yana korosho kilo 158. Kama yangaliibwa, hata kama idadi ya magunia ilifichwa kwa kuyapunguza mengine, upungufu uliobaki usingalikuwa kilo 80 tu. Shahidi huenda aliona kitu. Lakini alichoeleza hakikubaliani na hesabu.

Matokeo yaandikwe kwa kila jambo peke yake, na sababu zake. Kwanza, wizi wa magunia mawili haukuthibitika. Pili, uzembe wa kutoondoa uzito wa magunia umethibitika, na karani mwenyewe ameukiri. Tatu, chanzo cha kilo 80 hakikujulikana. Korosho hupungua uzito zikikauka ghalani, lakini chama hakikupima unyevu wala kurudia kupima magunia, kwa hiyo kamati haiwezi kusema kwamba ndiyo sababu, wala haiwezi kumbebesha karani deni hilo kwa kukisia.

Mapendekezo yatokane na kilichothibitika tu. Kamati yakataa kumfukuza karani: ni kosa lake la kwanza, hakupata faida yoyote, na katibu aliyetia saini daftari kila jioni aliiona safu ileile tupu. Karani apewe onyo la maandishi litakalowekwa katika jalada lake, na katibu apewe onyo lake kwa kutosimamia. Kwa kuwa malipo ya wakulima hayajatolewa, kila stakabadhi isahihishwe kwa kuondoa kilo moja kwa kila gunia, mkulima naye aonyeshwe masahihisho hayo kabla ya kulipwa. Tangu sasa, magunia kumi yaliyotiwa alama yapimwe kila wiki hadi mzigo utakapoondoka, ili kukauka kuwe na ushahidi wake.

Taarifa ikisomwa katika mkutano mkuu, maneno “haukuthibitika” yasomwe kama yalivyoandikwa. Hayasemi kwamba shahidi ni mwongo, wala hayaruhusu mtu kuendelea kumwita karani mwizi. Karani apewe nakala ya taarifa, na aelezwe mahali pa kukata rufaa na siku alizonazo kwa mujibu wa masharti ya chama.