Madishi ya mabara mbalimbali huonaje kama jicho moja?

SWALI: Nasikia picha ya shimo jeusi ilipigwa na madishi yaliyotawanyika duniani. Kwa nini lisitoshe dishi moja kubwa?

JIBU: Dishi hukusanya mawimbi ya redio na kuyaelekeza kwenye kipokezi, kinachoyageuza kuwa umeme wa kurekodiwa. Dishi likiwa pana zaidi, picha huwa kali zaidi. Lakini mawimbi ya redio ni marefu kuliko ya mwanga, hivyo dishi moja huona ukungu tu.

Aprili 2017, darubini za Hawaii, Arizona, Meksiko, Chile na Hispania zililenga kwa pamoja shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87, kwa mawimbi ya milimita 1.3. Umbali kati yao, unaofika kilomita 10,000, ndio uliochukua nafasi ya upana wa dishi. Kila kituo kiliweka rekodi zake kwenye diski kwa kufuata saa ya atomiki. Diski zikapelekwa Marekani na Ujerumani, kompyuta zikalinganisha rekodi mbilimbili. Saa ikiyumba, mawimbi hayaoani na ishara humezwa na kelele.

Kwa kuwa madishi ni machache, taarifa huwa na mapengo, na watu wanaweza kuyajaza kwa njia tofauti. Ndiyo maana timu nne zilitengeneza picha bila kuonyeshana. Zote zikapata pete.