Chupa ya pili ikae kavu mpaka siku yake



Majira ya baridi yaliyopita nilimtembelea mama mmoja wa Aston. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa nyekundu, ile inayoanza kwa koo kuuma kisha kuleta vipele vinavyokwaruza mkono kama msasa. Daktari alimwandikia penisilini V ya maji: 5 ml mara nne kwa siku, kwa siku 10. Famasi walimpa chupa mbili za 100 ml. Moja ilikuwa imeshachanganywa, nyingine ilikuwa na unga mkavu. Alipofika nyumbani aliuchanganya na huo, ili kazi iishe. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo.

Tupige hesabu pamoja. Mtoto anakunywa 20 ml kwa siku, kwa hiyo chupa moja inamtosha siku 5. Lakini dawa hii ikishakutana na maji huanza kuvunjika taratibu. Hata ikikaa kwenye friji, inatumika siku 7 tu tangu ilipochanganywa. Chupa ya pili ya mama huyu ilianza kuhesabiwa siku zake siku ya kwanza, wakati ilitakiwa kufunguliwa siku ya 6. Siku ya 8, 9 na 10 mtoto angekunywa dawa iliyopitwa na wakati. Rangi na harufu zinaweza zisibadilike hata kidogo, kwa hiyo usitegemee macho wala pua. Tegemea tarehe. Unga mkavu hauna shida hiyo, ndiyo maana waliutoa bila maji.

Siku chupa ya kwanza inapokwisha, njia iliyo salama zaidi ni kuirudisha ile kavu famasi wakuchanganyie. Hawalipishi kwa kazi hiyo ndogo. Kama itaisha Jumapili au usiku, mwombe mfamasia mapema, siku ileile unapochukua dawa, akuonyeshe kiasi cha maji kwenye lebo na akupe bomba la kupimia, lile lisilo na sindano.

Kiasi cha maji ndipo tunapokosea zaidi. Chupa ya 100 ml haitiwi maji 100 ml, kwa sababu unga nao unachukua nafasi. Lebo inaweza kusema 64 ml, na ya kiwanda kingine ikasema tofauti, kwa hiyo soma ya chupa yako. Kule kambini Nyarugusu nilizoea chupa yenye mstari, unajaza maji mpaka hapo. Hapa chupa nyingi hazina mstari, na ukijaza hadi shingoni unaiharibu dozi. Chupa hii ina miligramu 2,500 za dawa. Ikifika 100 ml, kila 5 ml ina miligramu 125. Ukiijaza ikafika 125 ml, kila 5 ml ina miligramu 100 tu. Mtoto anapunjwa sehemu moja ya tano kila mara anapokunywa, nawe hujui.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa, kwani ya moto huharibu dawa. Gonga chupa ili unga uachane na kitako. Kwa bomba la 5 ml, zile 64 ni mabomba 12 kamili na 4 ml juu. Tia kama nusu, funga, tikisa mpaka mabonge yaishe, kisha malizia maji yaliyobaki na utikise tena. Povu likitulia, andika kwa kalamu juu ya lebo tarehe ya leo na tarehe ya siku ya kumwaga.

Iweke kwenye rafu ya friji, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka, wala si kwenye barafu. Itikise kabla ya kila dozi. Pima kwa bomba, maana vijiko vya chai havilingani. Mpe mtoto saa moja kabla ya kula, au saa mbili baadaye.

Dawa nyingine zina siku zake. Amoksisilini ya viwanda vingine hukaa siku 14, kwa hiyo usifuate chupa ya jirani.

Ukiwa umekosea maji au umechanganya mapema, usikisie na usiache dozi kimya kimya. Rudi famasi na chupa yenyewe, au piga 111 uombe mkalimani wa Kiswahili. Yule mama tulikwenda naye siku ya 8 asubuhi. Mfamasia alimpigia daktari, na jioni tulipata chupa mpya bila malipo, kwani dawa za daktari kwa watoto chini ya miaka 16 hazilipiwi. Ile ya zamani tuliiacha hapo famasi. Haimwagwi chooni wala kwenye sinki.