Kuweka kichochoro na duka kwenye ramani huria

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Hata hivyo, vichochoro huzibwa na vingine huzaliwa, na maduka hufunguliwa kila siku. Tuseme uko Tandale na unaona kichochoro kimoja pamoja na duka lililo mwishoni mwake havimo. Utaviingizaje?

Kazi inaanzia kwa miguu. Pita kwenye kichochoro hicho mwanzo hadi mwisho, ukiangalia kinatokea wapi na ni nani anayeweza kupita: gari, bodaboda, au mtu tu. Piga picha ya kibao cha duka na uulize saa za kufungua. Jina la njia lisome kwenye kibao cha anwani za makazi. Kama kibao hakipo, acha nafasi ya jina wazi. Hapa wengi hukosea, kwani kwetu neno “mtaa” lina maana mbili. Mtaa wenye mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni eneo lenye njia nyingi, hivyo jina lake usilipachike kwenye njia moja.

Ukirudi, fungua akaunti openstreetmap.org, sogeza ramani hadi mahali pako, kisha bonyeza `Edit`. Utaona picha ya setilaiti, na juu yake barabara zilizokwisha kuchorwa. Kabla ya kuchora, linganisha. Kama barabara zote zimekaa pembeni ya picha kwa mita kadhaa na kuelekea upande uleule, huenda picha ndiyo iliyosogea. Usizihamishe barabara, rekebisha picha kwa `Imagery Offset`, iliyo chini ya `Background`.

Sasa chagua `Line`. Bonyeza juu kabisa ya barabara ambayo kichochoro kinaanzia, fuata mikunjo yake kwa kubonyeza kila kinapopinda, na umalizie juu ya barabara kinakotokea. Maungio hayo mawili ndiyo moyo wa kazi. Mstari ukiishia nusu mita kabla ya barabara, kwa macho utaonekana umefika, lakini programu ya kuelekeza njia itauona umekatika na kumzungusha msafiri mbali. Nukta ya maungio ikigeuka kijivu, ujue vimeshikana. Visiposhikana, mara nyingi `Issues` itakuonya.

Mstari bado haujasema ni wa nini. Maana yake hutokana na lebo, ambazo huandikwa kwa maneno yaleyale duniani kote. Kichochoro cha udongo kinachopitika kwa pikipiki lakini si kwa gari unaweza kukiandika hivi:

```
highway=path
motorcycle=yes
surface=unpaved
```

Kingekuwa cha kupitika kwa gari na chenye nyumba pande zote, kingekuwa `highway=residential`. Kukipa kichochoro chembamba lebo hiyo ni kumwingiza dereva mahali asipoweza hata kugeuza.

Kwa duka, chagua `Point` na uweke nukta pale lilipo jengo lenyewe, si katikati ya njia. Duka la mangi linalouza sukari, sabuni na vocha ni `shop=convenience`:

```
shop=convenience
name=Duka la Amani
opening_hours=Mo-Sa 07:00-21:00
```

Angalia saa vizuri. Mwenye duka atakuambia anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Ukiandika 01:00 na 03:00, umemfungulia duka usiku wa manane. Kwenye jina, andika lililo kwenye kibao, si maelezo kama “karibu na msikiti”. Namba ya simu binafsi ya mwenye duka usiiweke bila ridhaa yake.

Mwisho bonyeza `Save` na ueleze kwa sentensi moja ulichofanya na ulikipataje, kwa mfano: “Nimeongeza kichochoro na duka Tandale, nimepita mwenyewe.” Sentensi hiyo humsaidia mchoraji mwingine akitaka kuhakiki. Kunakili jina au njia kutoka Google Maps hakuruhusiwi, hata kama ni sahihi, kwa sababu data hiyo ina mwenyewe na yaliyonakiliwa hufutwa.

Mabadiliko huonekana kwenye tovuti baada ya dakika chache tu. Programu za simu zinazohifadhi ramani, kama Organic Maps, hungoja toleo jipya la data. Ukishalipakua, omba njia ya kwenda dukani. Ikikupitisha kichochoroni, maungio yako yameshika. Ikikuzungusha, rudi ukaangalie ncha za mstari wako.