Mahdi wa Sudani na Khalifa Wake

Tangu mwaka 1821 nchi ya Sudani ilitawaliwa na Misri. Watu waliwaita watawala hao Waturuki, na waliwachukia, kwa kuwa kodi zao zilikuwa nzito na askari waliozitoza walitumia viboko. Nao matajiri waliofanya biashara ya watumwa walikasirika, kwa sababu serikali ilianza kuizuia.

Katika kisiwa cha Aba, katika mto Naili Mweupe, alikaa mtu mmoja mcha Mungu, jina lake Muhammad Ahmad, mwana wa fundi wa kuunda mashua. Mwezi wa Juni mwaka 1881 alitangaza kwamba yeye ndiye Mahdi, maana yake “aliyeongozwa”. Waislamu wengi waliamini ya kuwa mtu wa jina hilo atakuja siku za mwisho, aijaze dunia haki baada ya kujaa dhuluma. Muhammad Ahmad alisema kuwa Mtume mwenyewe alimtokea na kumweka katika cheo hicho. Basi mtu akimkana Mahdi, huyo ni kafiri, hata akisali mara tano kila siku. Kwa neno hilo vita juu ya Waturuki, ambao ni Waislamu, vikawa vita vya dini.

Wanazuoni wa Khartumu waliandika kumpinga, lakini watu walitazama matendo kuliko maandiko. Askari waliotumwa Aba kumkamata walishindwa na watu wenye mikuki na marungu. Mwaka 1883 mji wa El-Obeid ulitekwa, na jeshi kubwa la Misri lililoongozwa na Hicks, Mwingereza, likaangamizwa huko Shaikan. Tarehe 26 Januari 1885 Khartumu nayo ikaanguka, na Gordon, gavana wake, akauawa.

Mahdi alitaka mambo yote yafanane na siku za Mtume. Wafuasi wake waliitwa Ansari, kama wasaidizi wa Mtume huko Madina, nao walivaa kanzu yenye viraka, alama ya umaskini. Tumbaku na pombe vilikatazwa, na mahari yakapunguzwa. Kisha, kwa kuwa Mtume alikuwa na warithi wanne, naye aliweka viti vinne. Cha Abu Bakari alipewa Abdullahi, wa kabila la Wataaisha, wafuga ng'ombe wa magharibi. Cha Omari alipewa Ali wad Hilu. Na cha Ali alipewa Muhammad Sharif, kijana wa jamaa ya Mahdi. Kiti cha Othmani alipelekewa kwa barua mkuu wa Wasanusi, mbali katika jangwa la Libya. Yeye hakukubali, na kiti kile kikabaki kitupu siku zote.

Mwezi wa Juni mwaka 1885, miezi mitano tu baada ya kutwaa Khartumu, Mahdi akaugua akafa huko Omdurman. Hapo likatokea swali gumu: ikiwa yeye alikuja kuishinda dunia yote, mbona amekufa kabla ya kuimaliza kazi? Abdullahi alikuwa na jibu. Mahdi alikuwa amekwisha tangaza ya kuwa amri za Khalifa huyu zipokewe kama zake mwenyewe. Abdullahi akasema kuwa yeye naye huona maono, akajengea kaburi la bwana wake kuba kubwa, akatawala.

Mali yote, yaani zaka ya nafaka na mifugo, ushuru wa wafanya biashara, na sehemu ya tano ya nyara, iliingia katika Baitulmali. Kadhi alihukumu kwa sheria, lakini katika mambo makubwa neno la Khalifa lilimshinda kadhi. Jamaa za Mahdi, watu wa mtoni, walinung'unika kwa kutawaliwa na mfuga ng'ombe. Khalifa hakuwaamini, mwaka 1888 akawaita Wataaisha waje Omdurman, maelfu na maelfu, wawe nguvu yake.

Lakini watu hao hawakulima, na walipaswa kulishwa. Mvua zikakosekana, na mwaka 1889 njaa kuu ikaingia. Mtama uliokuwa katika ghala Wataaisha walipewa kwanza, na watu wengine wakafa njiani. Ibrahim Adlan, mwenye kuiangalia Baitulmali, alitumwa kwa wakulima wa Jazira atafute nafaka zaidi. Hakuwabana kama alivyotakiwa. Mwaka 1890 akanyongwa. Mwaka uliofuata jamaa za Mahdi wakaasi. Nao wakashindwa, na Muhammad Sharif akafungwa.

Tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Waingereza na Wamisri, lenye bunduki za kupiga mfululizo, liliwaua Ansari kama elfu kumi kwa asubuhi moja huko Karari. Khalifa alikimbia, akatangatanga zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka 1899, vita vya mwisho vilipompotea, aliketi juu ya ngozi ya kondoo pamoja na maamiri wake, Ali wad Hilu akiwa kando yake, wakapigwa risasi wakafa hapo walipoketi.