Presha ya Mkononi na Presha ya Mapafu

Neno presha limezoeleka huku Ngara na Biharamulo. Lakini presha ziko mbili, na kipimo cha moja hakiioni nyingine.

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu iende mwili mzima, toka kichwani mpaka vidole vya miguu. Upande wa kulia husukuma damu iende mapafuni kuchukua hewa safi. Safari hiyo ni fupi, kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni ndogo. Mkononi, namba ya juu ya mtu mzima mwenye afya ni kama 120. Ndani ya mapafu ni kama 25 tu. Sasa fikiria namba 50. Mkononi, 50 ni presha iliyoshuka vibaya, mtu yu hatarini. Mapafuni, 50 hiyo hiyo ni presha iliyopanda sana.

Ule mpira wanaotufunga mkononi hupima nguvu ya upande wa kushoto. Ya mapafu haiwezi kuipima.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Rulenge. Akipanda kilima na ndoo ya maji anahema, anasimama mara tatu. Jioni miguu imevimba. Siku moja kizunguzungu kilimwangusha njiani. Akapelekwa Bugando, Mwanza, akapigwa picha ya moyo inayoonyesha damu inavyopita. Ikaonekana mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, umekuwa mwembamba. Uliharibika utotoni baada ya homa iliyoanza na maumivu ya koo. Damu inashindwa kupita vizuri, inarudi nyuma na kujaa mapafuni. Daktari akamwambia, "Mama, una presha ya mapafu."

Nyumbani alikumbuka neno moja tu: presha. Jirani akamwambia, "Hata mimi ninayo, dada. Chukua vidonge vyangu." Akameza. Vidonge vile hushusha presha ya mkononi, na yake ilikuwa 100 kwa 70, haikuhitaji kushushwa. Alipoinuka asubuhi akaanguka. Zahanati wakampima mkono, wakasema, "Huna presha wewe." Basi akaacha hata dawa za Bugando, zile za kupunguza maji mwilini. Wiki mbili hazikupita, tumbo likajaa na usiku akawa analala ameketi.

Jirani naye hakudanganya. Yake ni ile ya kawaida, 140 kwa 90 au zaidi ikipimwa siku mbalimbali, na mara nyingi haiumi wala haimfanyi mtu aheme. Dawa zake asiziache. Presha hiyo ikikaa miaka bila dawa huchosha upande wa kushoto wa moyo, damu ikarudi nyuma, na ile ya mapafu ikapanda pia. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili.

Mama yule alirudishwa hospitali. Siku hizi daftari lake lina maneno matatu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: PRESHA YA MAPAFU. Zahanati wakipata 100 kwa 70, hawamwambii tena kwamba amepona. Wanamtazama miguu.