"Wamebaki 40 tu": jinsi ya kumharakisha mteja bila kumdanganya

"Vifaranga wamebaki 40 tu! Tuma pesa kabla ya saa kumi, kesho bei inapanda." Kama unafuga kuku Njoro, Bahati ama Gilgil, huenda ujumbe kama huu umewahi kuingia kwenye grupu lako la WhatsApp. Unatuma pesa haraka. Wiki inayofuata ujumbe ni ule ule, wamebaki 40 wale wale, na bei haijapanda hata shilingi moja. Hapo ndipo unaposema, "Huyu amenicheza."

Leo tunazungumza na wewe unayeuza na kulipwa kwa simu. Kumwambia mteja afanye haraka si kosa, mradi haraka hiyo iwe ya kweli. Tumechagua biashara ya vifaranga kwa sababu ndani yake haraka ya kweli ipo, na inahesabika.

Haraka inatoka wapi?

Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Ukiweka mayai kwenye mashine Jumamosi, vifaranga watatoka Jumamosi ya tatu baada ya hapo. Huwezi kuwaongeza katikati ya wiki kwa sababu oda zimekuwa nyingi. Kwa hiyo ukisema "wakiisha, subiri wiki tatu", umesema kweli.

Haraka ya pili iko kwenye mwili wa kifaranga. Akitoka kwenye yai, bado ana kiini tumboni kinachomlisha kwa siku mbili hivi, wakati mwingine tatu. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwa matatu kutoka Naivasha hadi Molo kabla hajala chochote. Muda huo ukipita, lazima apate chakula, maji na joto, na gharama hiyo ni yako wewe muuzaji. Ukimuuza akiwa na wiki moja kwa bei ya juu zaidi, una sababu ambayo mfugaji yeyote ataielewa.

Kabla ya kutuma tangazo, jiulize: mteja akiuliza "kwa nini leo?", una jibu analoweza kulihakikisha mwenyewe? Siku ya kuangua ni jibu. "Ofa inaisha usiku wa manane" si jibu kama hakuna kinachobadilika usiku huo.

Tuhesabu pamoja

Tuseme una mashine yenye mayai 500. Siku ya kumi unayamulika kwa taa gizani. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa na kivuli, na lisilo na mbegu linabaki jeupe ndani. Unatoa 60, yanabaki 440. Unajua kutokana na daftari lako kwamba baadhi hufia ndani ya ganda, na kwa kawaida wewe hubaki na vifaranga kama 400.

Usiuze 400. Pokea oda za 360, na hao 40 uwaache wawe akiba yako. Wakitoka wachache kuliko ulivyotarajia, hutalazimika kumpigia mtu aliyelipa na kumwambia hakuna. Sasa tangazo lako linaweza kusema hivi:

"Vifaranga wa kienyeji walioboreshwa watatoka Jumamosi. Tumepokea oda za 290, nafasi zilizobaki ni 70. Sh100 kila mmoja. Tuma Sh30 kwa kila kifaranga kushikilia nafasi, zingine ulipe ukichukua. Kuchukua ni Jumamosi na Jumapili. Wasipotoka wa kutosha, tunakurudishia pesa yako siku hiyo hiyo."

Nambari hizi ni za mfano, lakini angalia kilicho ndani: idadi inayotoka kwenye daftari, tarehe inayotoka kwenye yai, na ahadi ya kurudisha pesa. Kila oda ikiingia, punguza idadi. Zikifika 360, andika "zimejaa" na ufungulie mkupuo unaofuata. Muuzaji anayesema "zimejaa" na kukataa pesa ndiye ataaminiwa siku atakaposema "wamebaki 70".

Hata ukweli unaweza kutumiwa vibaya

Hapa ndipo wauzaji wengi wanateleza bila kukusudia. Idadi ni ya kweli, tarehe ni ya kweli, lakini mteja hayuko tayari.

Chukua mama wa Molo anayetaka kuanza na vifaranga 100. Molo ni baridi, hasa usiku. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, na bruda inafaa iwashwe mapema ili ipate joto kabla hawajafika. Yeye bado anangoja fundi amalizie banda. Ukimwambia, "Dada, ukingoja wataisha," hujadanganya. Lakini atalipa, atawachukua Jumamosi, na usiku huo watarundikana pamoja wakitafuta joto, wakikanyagana. Asubuhi atahesabu waliokufa, na lawama itakuwa yako, si ya baridi.

Muuzaji mzuri angeuliza swali moja kabla ya kupokea pesa: "Bruda iko tayari?" Kama jibu ni hapana, mwandikie jina kwenye mkupuo wa wiki tatu zijazo. Umekosa Sh10,000 leo, lakini umebakisha mteja atakayerudi.

Kwa hiyo mpaka ni huu: ukimpa mteja habari inayomsaidia kuamua, umemhimiza. Ukitumia haraka ili asipate muda wa kufikiria, kuuliza ama kuona, umemshurutisha, hata kama kila neno ni la kweli. Na ukiweka idadi ya uongo, umevuka mpaka kabisa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo katika biashara.

Na wewe unayenunua

Ukiharakishwa, uliza mambo matatu kabla ya kuweka PIN. Wanatoka siku gani? Naweza kuja kuona mashine, ama nitumiwe video ya leo? Wasipotoka, pesa inarudi lini? Muuzaji wa kweli hujibu haya kwa dakika mbili, kwa sababu majibu anayo. Anayekasirika, ama anayejibu kwa kurudia "wanaisha", amekujibu tayari.

Pia soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama biashara ina jina moja na nambari inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama na uulize. Kumbuka kwamba kurudisha muamala ni kwa pesa iliyotumwa kimakosa. Pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa nambari uliyokusudia, ni vigumu kuipata tena kwa njia hiyo, hata kama uliharakishwa. Dakika mbili za kuuliza ni rahisi kuliko wiki nzima ya kufuatilia.

Muuzaji, fungua tangazo lako la mwisho na ulisome tena. Kama kuna nambari ndani yake, tafuta ukurasa wa daftari ilikotoka. Ukikosa ukurasa huo, ifute kabla hujatuma tena.